Dakika ya kufunguka: kumfanyia cheki-in bibi anayerudi Unguja kutoka London

Tiketi nyingi za bei ya chini hazikupi haki ya kuchagua siti bure siku unayonunua. Unalipia siti mapema, au unasubiri cheki-in ya mtandaoni ifunguke uchague bure katika zilizobaki. Kwa mashirika mengi mlango huo hufunguka saa 24 kabla ya ndege kuondoka. Kijana mwenye begi la mgongoni haimdhuru kitu akikaa popote, na aliyekwisha kulipia siti yake alale tu. Lakini bibi mwenye magoti mabovu anayehitaji siti ya pembeni mwa njia, au mama mwenye watoto wawili ambao hataki watupwe safu tofauti, anahitaji mtu aliye macho dakika ile mlango unapofunguka. Mtu huyo mara nyingi hayuko alipo msafiri. Bibi yuko London kwa mwanawe ambaye anafanya kazi za zamu, na aliyekata tiketi na kushika kila kitu ni mjukuu aliye Michenzani na simu yake.

Mwongozo huu ni wa mjukuu huyo. Swali lake ni moja: saa 24 kabla ya ndege kuondoka London ni saa ngapi hapa Unguja?

Kwanza hakikisha kweli ni 24

Si mashirika yote yanayofungua saa 24 kabla. British Airways hufungua saa 24 kabla, Emirates saa 48, na wengine wamejiwekea idadi zao. Kinachohesabika ni utaratibu wa shirika linalorusha ndege yenyewe, si lile lililokuuzia tiketi. Tazama chini ya namba ya ndege kwenye tiketi: ukiona maneno `Operated by` yakifuatiwa na jina jingine, basi hilo jingine ndilo lenye ndege, na huenda namba ya buking utakayotumia kwake ikawa tofauti na uliyo nayo. Uliza mapema uipate.

Safari ya kuunganisha ndege, iliyo kwenye tiketi moja, kwa kawaida huhesabiwa kutoka ndege ya kwanza. Ikiwa ndege ya pili ni ya shirika jingine, pengine utapewa siti ya kipande cha kwanza tu, na cha pili ukakifuatilie baadaye kwa mwenyewe. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni safari mbili, kila moja na saa yake ya kufunguka.

Soma saa ya tiketi kama ilivyo

Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Saa ya kuondoka London ni saa ya London, saa ya kufika Istanbul ni ya Istanbul, na saa ya kutua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume ni ya kwetu. Hakuna mahali kwenye tiketi panapoandikwa saa ya mtu aliyeinunua, hata kama alilipa akiwa Chake Chake.

Tuchukue mfano wa kubuni tuutumie mpaka mwisho. Bibi anaondoka London Jumapili tarehe 25 Oktoba 2026 saa 16:25, anafika Istanbul saa 23:15, na kutoka hapo anaunganisha ndege ya kuja Unguja. Tiketi inasema safari ya London hadi Istanbul ni saa 3 na dakika 50.

Ukishaiona 16:25, iandike hivyohivyo kwenye karatasi, kwa mtindo wa saa 24, pamoja na jina la mji na tarehe kamili. Usiigeuze bado kuwa saa ya Kiswahili. Hapa ndipo watu wanapopotea: anayegeuza mara mbili kwa pamoja, miji na namna ya kusoma saa, hachelewi kujichanganya, na kosa la saa sita halionekani kwa macho kwa kuwa jibu lake linafanana na saa ya kweli.

Tafuta tofauti ya saa, na tiketi yenyewe ikushuhudie

Zanzibar iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, mwaka mzima. Hatusogezi saa mbele wala nyuma. London wanasogeza. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi wako saa moja mbele ya UTC, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudi sawa nayo. Kwa hiyo kiangazi chao sisi tuko mbele yao kwa saa mbili, na baridi ikiingia tuko mbele kwa saa tatu. Mtu anayekariri kwamba London ni saa mbili nyuma yuko sahihi kwa miezi kama saba, kisha anaanza kukosea bila kuambiwa na mtu.

Siku ya safari ya bibi ni ipi kati ya hizo? Jumapili ya mwisho ya Oktoba 2026 ni tarehe 25, siku hiyohiyo anayoondoka. Saa za Uingereza zitarudi nyuma alfajiri ya siku hiyo: ikifika 02:00 wanairudisha iwe 01:00. Saa 16:25 ya jioni yake basi ni ya majira mapya, na tofauti na sisi ni saa tatu.

Si lazima uniamini mimi wala kumbukumbu yako. Istanbul iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, kwani Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016, kwa hiyo saa ya Istanbul ni saa yetu. Tiketi inasema ndege inaondoka 16:25 na kufika 23:15. Tofauti ya hizo mbili ni saa 6 na dakika 50. Toa muda wa kuruka, saa 3 na dakika 50, zinabaki saa 3 kamili. Hiyo ndiyo tofauti ya London na Istanbul siku ile, na kwa hiyo ya London na Unguja. Kama bibi angesafiri Oktoba mwanzoni, tiketi ya ndege ya muda huohuo ingeonesha kufika 22:15, na hesabu ingekupa saa mbili. Kipimo hiki kinafaa kwa tiketi yoyote yenye muda wa safari, mradi uijue saa ya mji mmojawapo. Ndege ikipita Addis Ababa au Doha, huko nako saa ni kama yetu. Muscat na Dubai wako saa moja mbele yetu.

Geuza kwanza, rudi nyuma baadaye

Sasa fanya hesabu kwa mpangilio huu na usiuvuruge. Geuza saa ya kuondoka iwe ya Unguja kwanza: 16:25 ya London na saa 3 ni 19:25 ya Unguja, Jumapili tarehe 25. Kisha rudi nyuma saa 24: ni 19:25 ya Unguja, Jumamosi tarehe 24 Oktoba. Hiyo ndiyo dakika yako.

Wengi hufanya kinyume. Wanarudi siku moja kwa saa ya London, wanapata Jumamosi 16:25, kisha wanageuza. Siku za kawaida njia zote mbili zinatoa jibu moja. Lakini hapa Jumamosi tarehe 24 London bado iko kwenye saa za kiangazi, ambapo tofauti na sisi ni saa mbili, kwa hiyo 16:25 yao ni 18:25 yetu. Saa moja imepotea njiani, kwa sababu kati ya Jumamosi 16:25 na Jumapili 16:25 London hazipiti saa 24, zinapita 25. Saa ya Unguja haiendi mbele wala nyuma, ndiyo maana ukihesabia kwake huwezi kuingia mtego huo. Aliye London atahesabu kwa shida zaidi kuliko aliye Michenzani.

Je, mtambo wa shirika nao unahesabu hivyo? Mara nyingi ndiyo, lakini mtambo unaorudi siku moja kwa saa ya ukutani ya uwanja wa ndege si jambo la ajabu. Kwa safari inayoangukia siku ya kubadilisha saa, shika dakika zote mbili. Hapa zilikuwa 18:25 na 19:25. Jaribu ya kwanza, ukikuta bado pamefungwa rudi kwa ya pili. Mwezi Machi hatari huwa upande wa pili. Saa za Uingereza zikisogea mbele Jumapili tarehe 29 Machi 2026, ndege ya 16:25 siku hiyo ni 18:25 yetu, na saa 24 kamili kabla ni Jumamosi 18:25. Aliyerudi siku kwa saa ya London atapata 19:25, na akifika mlangoni wenzake wameshakaa saa nzima wakichagua.

Marekani na Kanada hawasogezi saa siku moja na Ulaya. Kwa mwaka 2026 ni Jumapili ya tarehe 8 Machi na ya tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo aliye na mtu Toronto asitumie kalenda ya London. Toronto ni saa saba nyuma yetu kiangazi na saa nane baridi.

Sasa, na si kabla, igeuze kuwa saa ya Kiswahili

Dakika yako ni 19:25. Toa sita hapo mwisho: saa moja na dakika ishirini na tano usiku. Ile 18:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni, ambayo mwishoni mwa Oktoba hapa kwetu inaangukia karibu na Maghribi, kwa hiyo ujue mapema nani atakuwa na simu na nani atakuwa msikitini.

Kinachobaki ni jina la siku, na kwa Zanzibar hili si dogo. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake: jua likizama Jumamosi, huo ni usiku wa Jumapili. Vijana wengi wanaofuata simu wanasema Jumamosi usiku. Ukimwachia mdogo wako ujumbe wa sauti kwamba "fungua usiku wa Jumapili saa moja na nusu kasoro dakika tano", nusu ya ukoo watasubiri mpaka kesho yake. Andika tarehe: *Jumamosi tarehe 24, 19:25, saa moja na dakika 25 usiku.* Tarehe haina ubishi.

Ndege zinazoondoka Unguja usiku wa manane zinaonesha jambo hilihili kwa ukali zaidi. Tuseme shangazi anaondoka uwanja wetu Alkhamisi tarehe 16 Julai 2026 saa 03:40, na anayemsaidia yuko nje. Shangazi mwenyewe anaiita saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Alkhamisi. Kufunguka ni Jumatano tarehe 15 saa 03:40 ya Unguja. Kwa mtoto wake aliye Muscat hiyo ni Jumatano 04:40. Kwa aliye London ni Jumatano 01:40. Kwa aliye Toronto ni saa 20:40 ya Jumanne tarehe 14, bado hajala chakula cha usiku. Ukipanga nani amshughulikie, mpe wa Toronto. Hana haja ya kuamka. Na mtu akimsomea shangazi tiketi kwamba "ndege ni saa tatu na dakika arobaini usiku, Alkhamisi", amempeleka uwanjani saa 21:40, saa kumi na nane baada ya ndege kuruka.

Mpe simu kazi ya kukumbuka

Kwenye saa za dunia za simu ongeza mji wa uwanja wa kuondokea. Ukitafuta Zanzibar pengine usiione. Chagua Dar es Salaam au Nairobi, saa ni ileile. Saa hizo zinakuonesha tofauti ya *leo*, si ya siku ya safari. Mjukuu atakayezitazama Oktoba mwanzoni ataona saa mbili na kuridhika. Kwa siku ya mbele tumia kigeuza saa kinachokuruhusu kuweka tarehe, kama kilichopo timeanddate.com, au kalenda ya simu.

Kwenye Google Calendar fungua tukio jipya, weka 25 Oktoba 2026 saa 16:25, kisha badilisha ukanda wa saa wa tukio hilo uwe wa London. Ukilihifadhi, kalenda italionesha saa 19:25 kwako. Hapo umepata jibu la pili lisilotokana na vidole vyako, na likilingana na hesabu yako unaweza kutulia. Kengele yenyewe iwekee matukio mawili ya pembeni, Jumamosi 18:15 na 19:15, dakika kumi kabla ya kila moja ya zile dakika mbili.

Angalia usigeuze mara mbili. Baadhi ya mashirika hutuma safari kwenye barua pepe, nayo inaingia yenyewe kwenye kalenda ikiwa *imeshageuzwa*. Mtu anaona 19:25, anadhani ni saa ya London, anaongeza tatu, anapata 22:25. Njia ya kujua ni kulinganisha na tiketi ya pidiefu. Tiketi inasema 16:25, kalenda inasema 19:25, basi kalenda imekwisha kukufanyia kazi. Zikisema sawa, hakuna aliyegeuza.

Kuna kitu kimoja kinachomaliza ubishi wote, ikiwa shirika lako limekiweka: ukifungua buking kabla ya wakati, skrini inakuambia zimebaki saa ngapi na dakika ngapi hadi cheki-in ifunguke. Hesabu ya kushuka namna hiyo haina ukanda wa saa. Ongeza zilizobaki kwenye saa ya ukutani kwako, na ulinganishe na uliyoipata. Ikitofautiana kwa saa moja kamili, ni mambo ya majira. Ikitofautiana kwa saa 24 au 48, umesoma vibaya utaratibu wa shirika. Ikitofautiana kwa dakika kadhaa au saa na dakika, ratiba imebadilishwa. Ndege ikisogezwa wiki kabla, dakika yako nayo inasogea, kwa hiyo ifungue buking tena Ijumaa kabla ya kulala.

Jioni yenyewe

Kabla ya Jumamosi weka mkononi namba ya buking, ambayo kwa kawaida ni herufi na tarakimu sita, namba ya pasipoti ya bibi na tarehe yake ya kuisha. Jina la ukoo liandike kama tiketi ilivyoandika, hata kama nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Sisi wenye majina matatu hukwama hapa. Kwenye tiketi utakuta kitu kama `ALI/ASHAHAMADMRS`: kilichotangulia mkwaju ni jina la ukoo, na `MRS` ya mwisho si sehemu ya jina, usiiingize. Hakikisha bando lipo na simu ina chaji, maana umeme hauna habari na safari ya bibi.

Ingia dakika tano kabla, fika mpaka kwenye ukurasa wa buking, ukae. Saa ikigonga, ufungue upya ukurasa. Bado haujafunguka? Subiri dakika moja au mbili ujaribu tena. Usibonyeze mfululizo, kuna tovuti zinazokufungia nje zikidhani wewe ni mtambo. Ikipita robo saa bila kitu, soma ujumbe ulioandikwa. Ukisema ni mapema, rudi kwenye hesabu. Ukisema msafiri huyu aende kaunta, tatizo si saa: pengine pasipoti inatakiwa ionwe kwa macho, au kipande kimoja ni cha shirika jingine. Hata hivyo mara nyingi siti huwa imeshawekwa kwa jina lake, kwa hiyo chagua ile ya pembeni mwa njia kabla ya kuufunga ukurasa, uhakikishe namba imebadilika kwenye muhtasari wa safari.

Bodingi pasi ikitoka, ihifadhi kama picha na uitume kwa bibi na kwa mwanawe aliye naye. Chini yake andika saa ya kuondoka kwa saa ya London, 16:25, na si 19:25 uliyokuwa ukiishi nayo wiki nzima, kwa sababu kuanzia hapo saa inayotumika ni ile anayoiona bibi ukutani. Mkumbushe mwanawe pia kwamba Jumapili asubuhi saa ya ukutani jikoni kwake irudishwe nyuma kwa mkono, simu zitajirudisha zenyewe.